Buti mpya za ngozi zinauma: ni ugumu wa kawaida au hazikukai?

Buti ya ngozi ikiuma siku za kwanza, muuzaji atakwambia "itazoea tu". Mara nyingi ni kweli. Shida ni kwamba jibu hilo hilo hupewa mtu ambaye buti yake haitazoea kamwe, naye huja kuligundua hilo mlimani, akiteremka kutoka kambi ya Barafu kwenda Mweka huku kidole gumba kikigonga pua ya buti kila hatua. Hapa tunamchukua mtu anayejiandaa kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, karibu kilomita 60 kwa siku 6 au 7. Anayejiandaa kwa safari nyingine ya siku kadhaa atumie vipimo hivi hivi.

Kinacholegea na kisicholegea

Buti nzito za mlimani hushonwa kwa ngozi yenye unene wa milimita 2 hadi 3. Ngozi ya namna hiyo hulegea pale inapokunjwa mara nyingi: juu ya vidole, kwenye ulimi, na kwenye ukosi unaozunguka kifundo. Hutanuka pia kidogo kwa upana, ikisukumwa na mguu wenye joto, ila ni suala la milimita chache tu.

Urefu hauongezeki, kwa sababu umeshikwa na soli. Pua ya buti ina kitu kigumu ndani kinachoilinda isibonyee. Nyuma, kati ya ngozi ya nje na ya ndani, kuna kikombe kigumu kinachoshika kisigino. Buti nyingi zina pia mkanda wa mpira uliozungushwa juu kidogo ya soli kuzuia mawe yasichubue ngozi, na mkanda huo hauachii hata ukivaa buti mwaka mzima.

Kwa hiyo buti ikiuma, weka kidole gumba cha mkono kwa nje, pale pale panapouma, ubonyeze. Ikibonyea, hapo ni ngozi tupu na kuna matumaini. Ukikuta ukuta usiobonyea, maumivu hayo yanatoka kwenye umbo la buti, na umbo halibadiliki kwa kuvaliwa.

Kipimo cha pili ni ngozi yako mwenyewe. Vaa buti saa moja ndani ya nyumba, vua soksi, uangalie miguu. Wekundu uliotawanyika ambao unafifia ndani ya dakika 20 hivi ni msuguano wa kitu kipya. Alama yenye mipaka wazi, ukubwa wa sarafu, ambayo nusu saa baadaye bado ipo na inauma ukiigusa, ni mahali buti inapokubana hasa. Iandike: mguu gani, upande gani. Ikirudi mahali pale pale mara tatu mfululizo bila kupungua, usiendelee kusubiri.

Kabla soli haijagusa vumbi

Maduka mengi hukubali kubadilisha buti ambayo haijatoka nje, kwa hiyo fanya vipimo hivi sebuleni. Fanya jioni, kwa sababu mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na mlimani utakuwa umevimba kuliko hapo. Vaa soksi zile zile za sufu utakazopanda nazo. Kupima kwa soksi nyembamba za ofisini ni kupima buti nyingine kabisa.

Toa soli ya ndani, iweke sakafuni, uisimamie kwa uzito wako wote huku kisigino kimekaa sawasawa mwisho wake. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote (kwa wengine ni cha pili, si gumba) ibaki nafasi ya sentimita 1 hadi 1.5. Pembeni, nyama ya mguu isimwagike nje ya ukingo. Kumwagika milimita 1 au 2 ngozi itakuvumilia, lakini ikifika 4 au 5 umenunua buti nyembamba.

Rudisha soli, vaa buti bila kufunga kamba, usukume mguu mbele hadi vidole viguse pua. Nyuma ya kisigino kiingie kidole kimoja cha mkono. Kisipoingia, buti ni fupi. Vikiingia viwili kwa raha, ni ndefu.

Mwisho funga kamba vizuri, simama kwenye ngazi au ubao ulioinama, uso ukielekea chini, ukanyage kwa nguvu mara kumi. Vidole visiguse pua. Watu wengi hukiruka kipimo hiki kwa sababu dukani sakafu ni tambarare, na ndicho kinachotabiri kucha nyeusi. Kutoka Barafu, mita 4,673, hadi kambi ya Mweka, karibu mita 3,100, unashuka zaidi ya mita 1,500 kwa mkupuo mmoja, tena baada ya kuwa umeshatoka kileleni siku ile ile.

Kisigino kinapanda na kushuka

Hili ndilo lalamiko la kwanza la karibu kila mtu, na ndilo linalodanganya zaidi. Soli mpya ya buti nzito haikunjiki. Mguu wako unajikunja penye vidole, buti inabaki imenyooka, basi kisigino hakina budi kuinuka ndani. Kuinuka kwa milimita 5 hivi siku za kwanza ni kawaida, na hupungua soli inapoanza kukubali kukunjika.

Kuinuka kwa sentimita nzima si kawaida. Kabla hujaihukumu buti, jaribu kufunga kamba kwa namna ya kukishika kisigino: ukifika pale mguu unapokunjika kuelekea kwenye kifundo, zungusha kamba mbili zenyewe kwa zenyewe mara mbili badala ya moja, vuta hadi kisigino kikae nyuma kabisa, ndipo uendelee na ndoano za juu. Mizunguko hiyo miwili haiachii, hivyo kamba za chini zinabaki zilivyo hata za juu zikilegea. Kisigino kikitulia, buti yako ni nzuri na kufunga ndiko kulikuwa na kasoro.

Kama bado kinapanda, angalia mistari miwili ya matundu ya kamba. Ikiwa imekaribia kugusana na wewe bado unataka kuvuta, buti ina nafasi kubwa mno juu ya mguu. Soli ya ziada, nyembamba, chini ya soli ya ndani huweza kuijaza. Kama mistari iko mbali kama inavyotakiwa na kisigino bado kinaelea, basi kikombe cha nyuma ni kipana kuliko kisigino chako, na hicho hakuna fundi atakayekipunguza.

Malengelenge ya kisigino nayo yana habari ya kusema, kutegemea yalipotokea. Yakiwa chini, kwenye mviringo wa kisigino, ni ya kuinuka huku tulikokueleza. Yakiwa juu, kwenye ule mshipa mnene unaopanda kwenda kwenye shavu la mguu, ni ukosi mgumu unaokwaruza, na huo utalegea. Ukunje kwa mikono mbele na nyuma mara ishirini thelathini kila jioni, na wiki ya kwanza acha ndoano ya juu kabisa bila kufunga.

Juu ya mguu panauma au vidole vinakufa ganzi

Anza na kamba. Ulimi mpya ni mgumu na hauna umbo bado, kwa hiyo kamba hukandamiza mfupa wa juu ya mguu kupitia mahali pamoja. Fungua, nyoosha ulimi ukae katikati bila kujikunja, ufunge tena, chini kwa ulegevu na juu kwa kukaza. Mahali panapouma hasa usikatishe kamba: zipandishe wima kila moja upande wake hadi tundu linalofuata, kisha endelea kukatisha. Maumivu ya aina hii huisha ndani ya wiki moja au mbili.

Ganzi ni jambo jingine. Ganzi inayokuja dakika ishirini baada ya kuanza kutembea, na ambayo inabaki hata kamba zikilegezwa, inatokana na mguu kubanwa ubavuni pale vidole vinapoanzia. Ukihisi pia moto chini ya unyayo sehemu hiyo, upana haukutoshi. Usisubiri wiki ya tatu.

Kunjo la kwanza linauma vidole

Ukitembea siku za mwanzo, ngozi ya mbele hujikunja na kuacha mstari. Mstari huo ndio buti itakaoufuata maisha yake yote, kwa hiyo hatua za kwanza zitembee na kamba zilizofungwa sawasawa. Wanaoziburuta kama kandambili "ili zilegee kwanza" hutengeneza kunjo mahali pasipostahili.

Tazama kunjo liko wapi. Likiwa juu ya kiungo ambako vidole vinajikunjia, linaweza kubana kidogo siku kadhaa na kuisha. Likiwa mbele zaidi, juu ya vidole vyenyewe, maana yake buti inajikunja mahali tofauti na mguu wako. Hii hutokea hata urefu wa jumla ukiwa sahihi: watu wawili wenye mguu wa sentimita 26 wanaweza kutofautiana, mmoja ana vidole virefu, mwingine vifupi. Hapa dawa ni buti ya muundo mwingine. Kubadilisha namba tu ndani ya muundo ule ule hakutakusaidia sana.

Nundu ya kifundo

Ukosi ukigusa nundu ya pembeni ya kifundo, ngoja wiki mbili. Huwa inapona. Ikiwa ukingo mgumu bado unakaa juu ya nundu yenyewe, kipande cha soli cha milimita 3 chini ya kisigino kitakiinua kifundo kiukwepe ukingo huo. Lakini ujue unakiinua na kisigino pia, kwa hiyo rudia kipimo cha kuinuka baada ya kukiweka.

Mfano: namba 42, miguu miwili, matatizo mawili

Chukua mtu aliyenunua buti namba 42 wiki sita kabla ya safari. Baada ya siku nne za kuvaa ndani ana malalamiko mawili: kisigino cha kushoto kinapanda, na kidole cha mwisho cha mguu wa kulia kinachoma.

Anapima miguu akiwa amesimama kwenye karatasi, kisigino kikiwa ukutani. Wa kushoto ni milimita 262, wa kulia 267. Tofauti hiyo isimshtue, watu wengi wana mguu mmoja mkubwa. Soli ya ndani ya buti ina milimita 279. Mguu wa kulia, basi, una nafasi ya milimita 12, sawa kabisa. Wa kushoto una 17, kubwa kidogo. Kisigino cha kushoto kinaelea kwa sababu ya milimita hizo tano. Anaweka soli nyembamba ya ziada kushoto peke yake, anafunga kamba kwa mizunguko miwili, na kuinuka kunashuka kutoka milimita 9 hadi 4. La kwanza limekwisha.

Sasa la kulia. Urefu unatosha, kwa hiyo namba kubwa zaidi si jibu, ingawa ndilo atakaloshauriwa na wengi. Namba moja ya Ulaya ni karibu milimita 7 za urefu. Akichukua 43, upana utaongezeka kidogo na mguu wa kushoto utakuwa unaogelea. Anasimama kwenye soli ya ndani: kidole cha mwisho kinatoka nje ya ukingo kwa milimita 3. Anabonyeza kwa nje. Nusu ya juu ya mahali hapo inabonyea, ni ngozi. Nusu ya chini ni mkanda wa mpira.

Hili liko mpakani. Fundi viatu mwenye kalibu ya kutanulia, ile yenye kitufe kinachofungwa pale panapobana, anaweza kuisukuma ngozi kwa milimita 2 au 3 ikikaa usiku kucha, lakini mkanda hataupata. Akitanua, hataweza kurudisha dukani. Kwa kuwa buti bado safi na wiki tano zimebaki, uamuzi wa busara ni kuzirudisha na kutafuta 42 ya upana mkubwa, au muundo usio na mkanda. Zingekuwa zimebaki wiki mbili, au buti zimeshatoka nje, ndipo angekwenda kwa fundi.

Namna ya kuzilegeza, zikishafaulu

Kazi hii inataka saa 30 hadi 40 za kutembea, zilizogawanywa kwa wiki nne au tano. Wiki ya kwanza ni ndani na uani, saa moja asubuhi na moja jioni. Ya pili, vaa kwenda sokoni au kazini, kilomita 2 hadi 4. Ya tatu, kilomita 8 zenye vilima, kisha pumzisha buti siku moja, kwa sababu ngozi iliyolowa jasho hukauka polepole na ikivaliwa mbichi inakwaruza zaidi. Ya nne na ya tano, kilomita 12 hadi 15 ukiwa na mzigo mgongoni wa kilo 6 au 7, uzito ambao mpandaji hubeba mwenyewe mchana. Mzigo huo hupanua mguu, na buti iliyokuwa sawa bila mzigo huweza kubana ukiwa nao. Heri ulijue hilo ukiwa nyumbani.

Ukihisi joto mahali pamoja ukitembea, simama hapo hapo, ubandike plasta ya kitambaa juu ya ngozi kavu. Ukimaliza kilomita moja zaidi kwa ukaidi utapata lengelenge, na lengelenge litakuweka bila mazoezi siku nne au tano.

Nta ya viatu kidogo, ukubwa wa harage kwa kila buti, ipakwe kwenye makunjo kwa kidole baada ya wiki ya kwanza na tena kabla ya safari. Usipake mafuta ya kula, yawe ya nazi au ya alizeti. Yanapenya mno, na ngozi inalegea hadi haishiki tena kifundo. Kuloweka buti kwenye ndoo na kuzikausha juani au kando ya moto ni mbinu ya zamani, na pengine zile buti za zamani za misumari na uzi zilivumilia. Za leo zimeunganishwa kwa gundi: joto huiachisha soli, na ngozi iliyolowa ikipata moto hujikunyata na kuwa kama kuni. Zikilowa, jaza magazeti ndani, badilisha baada ya saa kadhaa, uziache kivulini penye upepo.

Zilizolegezwa na mtu mwingine

Wapo wanaokwepa haya yote kwa kununua buti za mtumba, kama zinavyopatikana soko la Memorial pale Moshi au Gikomba, Nairobi. Ngozi imelegea, ndiyo, ila imelegea kwa kufuata mguu wa mwenyewe wa kwanza. Angalia soli ya ndani: vishimo vya vidole vikiwa mahali pasipo vidole vyako, utapigana navyo njia nzima. Angalia pia ile tabaka laini iliyo kati ya ngozi na soli ya chini. Mara nyingi ni poliyurethani, na hiyo huoza kwa unyevu baada ya miaka kadhaa hata buti ikikaa kabatini bila kuvaliwa. Ibonyeze kwa ukucha. Ikimeguka kama mkate mkavu au ikionyesha nyufa ndogondogo, soli itabanduka, na hilo hutokea ghafla, bila dalili za siku iliyotangulia.

Siku kumi za mwisho

Zikibaki siku kumi na buti bado inaacha alama ile ile, iache. Panda na viatu vyako vya zamani unavyovijua, hata vikiwa vyepesi kuliko ulivyotaka, mradi soli zina meno na kifundo chako kimezoea. Kama buti imefaulu, kata kucha za miguu siku mbili tatu kabla ya kuondoka, sawa na ncha ya kidole na si chini ya hapo. Ukianza kuteremka kutoka Barafu, kaa kwenye jiwe ufunge upya: legeza chini, gonga kisigino ardhini mara mbili kirudi nyuma, zungusha kamba mara mbili penye mkunjo wa mguu, ukaze. Rudia kila unapohisi vidole vimeanza kusogea mbele.